Tone Linamtii Nani?

Kikombe kiko juu ya mizani, nami nimeinama jikoni nahesabu matone. La tisini na nane, la tisini na tisa, la mia. Mizani inasoma gramu 6. Basi kila tone la mnara wangu lina mililita 0.06, na hesabu yote ya usiku huu nitaijenga juu ya namba hiyo ndogo. Tone halina ukubwa mmoja duniani kote. Ncha nene ya koki hulishikilia tone mpaka linenepe, ncha nyembamba huliachia mapema. Kwa hiyo mtu akikwambia yeye hupika kahawa yake kwa matone arobaini kwa dakika, bado hajakwambia kitu mpaka ulijue tone lake.

Mnara wenyewe ni kiunzi cha mbao kilichoshika vioo vitatu. Juu kabisa kuna tungi la maji na barafu, na chini ya tungi hilo koki ya kukazwa kwa vidole viwili. Tone linaangukia ndani ya silinda yenye kahawa iliyosagwa, iliyofunikwa kwa duara la karatasi ya chujio ili maji yasichimbe shimo mahali pamoja. Chini ya silinda kuna chujio la kigae au kitambaa. Kahawa ikishapita hapo inashuka kwa bomba la kioo lililojikunja kama nyoka mpaka kwenye chupa ya chini. Bomba hilo, kwa maoni yangu, lipo ili wateja wa mkahawa wapate cha kutazama. Kazi yote imeshakwisha kabla kahawa haijalifikia.

Wajapani huuhusisha mtindo huu na mji wa Kyoto, lakini jina walilolizoea ni kahawa ya "datchi", yaani ya Kiholanzi. (Wasomaji wangu wasichanganye na Wadachi wa hadithi za babu zetu, wale walikuwa Wajerumani.) Kisa kinachosimuliwa ni kwamba Waholanzi wa Jawa, au mabaharia wao, walikuwa wakitengeneza kahawa kwa maji baridi ili waibebe safarini. Ukienda Uholanzi leo hukuti desturi hiyo. Hata hivyo kisa hiki kina miguu ya kusimamia. Waholanzi walikuwa na kituo chao cha biashara Dejima, Nagasaki, tangu 1641 kwa zaidi ya miaka mia mbili, na huko Jawa ugonjwa wa kutu ya majani uliingia mashambani kuanzia 1876 ukaangamiza arabika nyingi, na baada ya mwaka 1900 robusta ikachukua nafasi yake. Robusta ni ndugu wa buni ya Bukoba, ile inayochemshwa na kutafunwa Kagera: ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, na ukiipikia maji ya moto uchungu wake haujifichi. Mtu aliyekabidhiwa gunia la robusta ana sababu nzuri ya kujaribu maji baridi.

Lakini kudondosha kahawa si mali ya Kyoto peke yake. Kusini mwa India nyumba nyingi zina chujio la shaba au chuma la vyumba viwili. Kahawa iliyosagwa laini, mara nyingi yenye chikori ndani yake, huwekwa chumba cha juu, ikakandamizwa kwa kisahani chenye matundu, kisha maji ya moto yakamiminwa juu yake. Hapo mtu huondoka kuendelea na shughuli zake. Baada ya dakika ishirini, thelathini, au hata asubuhi ya pili, chini kunakuwa na kahawa nzito nyeusi inayongoja kuchanganywa na maziwa yanayotokota. Vietnam wana "fin", kichujio cha bati kinachokaa juu ya glasi, nacho hutona kwa dakika nne au tano juu ya maziwa matamu ya kopo. Hiyo nayo, mara nyingi, ni robusta.

Ukivitazama vyombo hivi vitatu kwa haraka utasema ni kitu kimoja, tofauti ni moto na baridi. Mimi nadhani tofauti iliyo kubwa iko kwingine, katika nani anayeliamuru tone. Kwenye chujio la India na fin ya Vietnam, maji yote yamekwisha kumwagwa juu ya kahawa, yanataka kushuka, na kinachoyazuia ni kahawa yenyewe. Ukiona yanashuka mbio, husogezi koki, maana hakuna koki. Unasaga laini zaidi au unakandamiza zaidi. Kwenye mnara, kahawa haitakiwi kuzuia chochote. Inapaswa kusagwa kwa ukubwa unaoruhusu kila tone kupita kwa wakati wake, na amri yote ibaki kwa koki iliyo juu.

Aliyezoea fin akinunua mnara huanza na kosa moja, nami nililifanya. Husaga laini kwa mazoea. Koki inadondosha matone arobaini, kahawa inakubali kupitisha thelathini, na yale kumi ya kila dakika yanabaki juu ya karatasi. Baada ya saa moja kuna dimbwi. Kuanzia hapo huna mnara tena, una kahawa iliyolowekwa, na ukikaza au kulegeza koki hupati jibu lolote chini. Siku hizi nasaga chembe zilingane na sukari ya dukani, si laini kama ya fin, si kubwa kama ya kuchemsha. Maji yakisimama juu ya karatasi zaidi ya unene wa sarafu, najua kahawa imeshaipindua koki.

Turudi kwenye usiku wangu. Nina gramu 60 za arabika ya Kilimanjaro iliyokaangwa kahawia ya kati, na gramu 600 za maji na barafu, nusu kwa nusu. Nimechagua buni hiyo kwa makusudi, kwa sababu huko Japani "Kirimanjaro" ni jina kubwa kwenye orodha za mikahawa. Kwa kanuni ya wauza kahawa wao, jina hilo linaweza kuwekwa kwenye arabika yoyote ya Tanzania, ya Mbeya au ya Mbinga sawasawa, isipokuwa ya Bukoba tu. Mlima umekopesha jina lake kwa mashamba ambayo hayajawahi kuuona.

Kabla ya kufungua koki, nachota mililita 60 katika yale maji na kuyanyunyiza polepole kwenye kahawa kwa kijiko, huku nikiikoroga kidogo mpaka hakuna sehemu kavu. Hatua hii haina mbadala. Kahawa kavu hulikataa tone. Tone la kwanza likipata njia, la pili hulifuata hukohuko, na usiku kucha maji yanapita kwenye mfereji mmoja huku pembeni pamebaki pakavu. Dalili yake ni kwamba rangi ya kahawa inayotoka inapauka mapema mno, na asubuhi ukiichimbua ile kahawa kwa kijiko unakuta mabonge makavu yenye rangi ya udongo katikati ya matope meusi.

Zimebaki mililita 540. Kwa tone la 0.06, hayo ni matone 9,000. Nikidondosha 60 kwa dakika, kazi itachukua saa mbili na nusu. Nikidondosha 40, ni saa tatu na dakika arobaini na tano. Kwa 30 ni saa tano kamili, na kwa 20 ni saa saba na nusu. Na nisitegemee kupata 600 chini. Kahawa hunywa maji karibu mara mbili ya uzito wake na haiyarudishi, kwa hiyo chupani nitapata 480 hivi.

Hesabu hii ingekuwa kweli kama koki ingebaki kama nilivyoiacha, nayo haibaki. Maji hushuka kwa uzito wa maji yaliyo juu yake. Tungi likipungua, msukumo unapungua. Usiku mmoja niliweka matone 40 saa mbili, nikarudi saa tano nikakuta 26, na hakuna aliyegusa kitu. Halafu kuna barafu. Maji yaliyo karibu na kuganda ni mazito kupita kwenye tundu jembamba, karibu mara mbili ya maji ya nyuzi 25, kwa hiyo mwanzoni tone linajikokota. Barafu ikiisha, na jikoni kwangu Unguja haikawii, maji yanapata joto na tone linachangamka. Sababu moja inapunguza mwendo, nyingine inauongeza, na hazipatani saa. Kinachofanya kazi ni kurudi kila baada ya nusu saa kwa saa mbili za mwanzo, kuhesabu dakika nzima kwa saa ya simu, na kusogeza koki kidogo sana, chini ya upana wa ukucha. Kisha ngoja dakika mbili kabla ya kuhesabu tena, maana koki hujibu kwa kuchelewa.

Kuna adui wa tatu, naye ndiye aliyeniharibia kahawa ya kwanza niliyowaalikia watu. Maji baridi hubeba hewa nyingi kuliko maji ya uvuguvugu. Yakianza kupata joto ndani ya koki, hewa hiyo inajitenga, inakuwa kipovu kidogo, na kipovu kinakaa kooni mwa koki kama punje ya mchele. Nilikwenda kulala tone likienda vizuri. Alfajiri nilikuta tungi lina maji zaidi ya nusu, koki kimya, na kahawa iliyolowana imekaa saa sita katika joto la nyuzi 29. Ilinuka juisi ya jana iliyosahauliwa nje ya friji. Niliimwaga yote, na wageni wakanywa chai. Tangu siku hiyo maji yangu huyachemsha kwanza na kuyaacha yapoe, kwa sababu kuchemsha kunafukuza hewa, na barafu naigandisha kwa maji hayohayo. Tone likisimama, nafungua koki wazi kwa sekunde moja ili kipovu kitoke, kisha naanza kuhesabu upya.

Sasa ladha. Nilitengeneza kahawa hiyohiyo mara tatu, kila kitu sawa isipokuwa mwendo, nikaweka chupa tatu kwenye friji, na siku ya pili nikazionja kwa pamoja. Ile ya matone 60 ilikuwa nyepesi na ya ukali wa kupendeza, kama maji ya ukwaju yasiyotiwa sukari nyingi. Ilipita mdomoni upesi, ikaacha ulimi msafi, na ukitafuta kitu chini ya ule ukali hukipati. Maji yalikuwa yamepita kabla ya kuchukua vilivyo vizito. Ile ya 40 ndiyo niliyomaliza. Ukali ulikuwepo lakini umekaa nyuma, mbele kuna zabibu kavu na sukari guru, na mwishoni kitu cha kakao ambacho kilibaki kooni baada ya kumeza. Ilikuwa nzito kama sharubati, bila tope lile la kahawa ya kuchemsha.

Ya matone 20 iligawanya nyumba. Ilikuwa nyeusi, yenye harufu ambayo mikahawa ya Kyoto na Seoul huifananisha na ramu au mvinyo. Shemeji yangu alinusa akaweka kikombe chini.

"Hii ina kilevi?"

"Haina, shemeji. Ni kahawa na maji."

"Mbona inanukia hivi?"

Swali lake ni la haki, na jibu ninaloweza kulisimamia ni hili: kilevi kinahitaji hamira na sukari ya kula, na hapa kuna buni iliyopita kwenye moto wa kuikaanga na maji yaliyochemshwa. Harufu ile ni ya matunda yaliyoiva ambayo buni inayo tangu mwanzo. Kwenye kikombe cha moto sehemu yake kubwa huondoka na mvuke. Hapa hakuna mvuke, hivyo imebaki ndani ya kioevu, nayo inafunguka pale kahawa inapopata joto la mdomo. Kwa mwendo wa taratibu ilikuwa nyingi, ila ilikuja na ukakasi wa mti na kahawa ya kukaa muda mrefu. Kwa joto la huku, matone 20 ni kucheza na mpaka kati ya harufu ya mvinyo na ile juisi ya jana. Kyoto wakati wa baridi mtu anaweza kwenda mwendo huo akalala salama.

Na kwa nini usiloweke tu kahawa kwenye jagi la maji baridi ukaliacha usiku kucha kwenye friji? Watu wengi hufanya hivyo, na kwa kunywa na maziwa sioni sababu ya kujisumbua na mnara. Tofauti ni kwamba kwenye jagi maji yaleyale yanakaa na kahawa ileile. Kadiri yanavyoshiba, ndivyo yanavyozidi kuchoka kuchukua kingine, na ladha inakuja ya duara, laini, isiyo na kona. Kwenye mnara kila tone linafika tupu. Chembe iliyomaliza kutoa ukali inakutana na maji mapya yanayodai kilichobaki. Ndiyo maana matone ya kwanza chini ni meusi kama asali ya nyuki wadogo na ya mwisho ni rangi ya chai, na ndiyo maana unaweza kukata mapema: nikiona rangi imefifia naonja tone moja kwenye kijiko, na likiwa la majimaji yenye ukakasi naondoa chupa hata kama tungini kumebaki maji.

Kuna usemi kwamba kahawa baridi haina asidi. Mwaka 2018 Niny Rao na Megan Fuller, watafiti wa Philadelphia, walipima kahawa ya kulowekwa baridi na ya moto kwa buni za nchi mbalimbali, wakakuta kipimo cha pH kinakaribiana sana; ya moto ilizidi kwa jumla ya asidi zilizoyeyuka. Walichopima si mnara, lakini kinalingana na ninachokionja: ukali upo, ila umepungukiwa na wenzake waliokuwa wakiuchokoza.

Wakorea waliichukua "datchi" kutoka kwa majirani zao wakaifanyia kitu ambacho Wajapani hawakukishikilia sana. Wao huitia kwenye chupa ndefu kama za mvinyo, huifunga, na kuiacha friji siku moja, mbili, tatu ili ladha zipatane. Nimejaribu na chupa ya matone 40: siku ya pili ule ukali ulikuwa umeungana na utamu, siku ya nne harufu ikaanza kulegea. Tatizo la kuiuza kwa chupa ni kwamba kinywaji hiki hakijawahi kuguswa na moto, na wakaguzi wa Korea wamewahi kukuta bidhaa za aina hiyo zenye bakteria kupita kiwango. Mimi chujio la kitambaa nalichemsha kila mara, kioo nakimwagia maji ya moto, na silinda naizungushia kitambaa chenye barafu jikoni kukiwa na joto.

Jioni moja nilichukua chupa yangu ya matone 40 nikaenda nayo kijiweni, kwa mzee tunayenunua kwake kahawa. Birika lake la shaba liko juu ya mkaa tangu alasiri, tangawizi na iliki ndani, na vikombe visivyo na mikono vikielea kwenye beseni la maji. Nikammiminia kidogo.

"Mzee, hebu onja."

Akaizungusha kikombeni. "Imepikwa muda gani?"

"Saa nne kasoro robo."

"Kwa moto gani?"

"Haina moto."

Akanywa, akanyamaza kidogo. "Tamu," akasema. "Lakini hii ni kahawa ya mtu asiye na wateja." Watu wakacheka, nami pia. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza. "Yale machicha umeyafanya nini?"

Nikamwambia nayamwaga kwenye migomba.

"Lete kesho."

Nikampelekea, gramu 60 zile zilizodondoshewa matone 9,000. Akaziweka kwenye sufuria ndogo, si kwenye birika la wateja, akatia maji na kipande cha tangawizi, akaacha ichemke mara tatu kama anavyochemsha yake. Ilitoka nyeusi, si kwa kiasi nilichotarajia lakini nyeusi. Zabibu hakuna, ukwaju hakuna, harufu karibu hakuna. Ulikuwa uchungu mtupu, ulionyooka, wa chini ya ulimi, ule ambao maji baridi yalipita juu yake usiku kucha yakauacha mahali pake. Mzee akanywa kikombe kizima, akameza na kipande cha kashata, akaniambia nimletee na ya kesho.